Kushusha saa ya chipu bila kushusha volti

Swali: "Nina kifaa cha kupima maji kwenye tangi la paa, ATmega328P na betri nne za AA za kuchaji. Kinaamka kila dakika, kinapima, kinalala. Nimeshusha saa kutoka 8 MHz hadi 1 MHz nikitegemea betri zikae mara nane zaidi, lakini zimeisha mapema kuliko kwanza. Nimekosea wapi?"

Ndugu, kosa hili nililifanya mwenyewe, kwenye tangi la ploti yetu huku Kasarani, na lilinipandisha ngazi za paa mara nyingi kabla sijalielewa.

Ndani ya chipu kila waya mdogo na kila geti la transista ni kapasita ndogo sana. Saa ikipiga, baadhi yake hujazwa chaji na nyingine humwagwa. Fomula yenyewe ni hii:

```
P = α · C · V² · f
```

C ni jumla ya hizo kapasita, α ni sehemu yake inayobadilika kila mpigo, V ni volti, f ni mipigo kwa sekunde. Wengi tunaiangalia f na kufurahi. Tunasahau kwamba P ni wati, yaani ulaji wa kila sekunde, ilhali betri huisha kwa jouli. Kazi yako ina idadi yake ya mipigo, na idadi hiyo haipungui kwa sababu saa imekuwa polepole.

Fikiria siku ya mgao, unapandisha maji kwa mitungi hadi ghorofa ya nne. Ukitembea polepole hutoki jasho sana kwa dakika, lakini mitungi ni ileile na ngazi ni zilezile. Ukitaka kuchoka kidogo kwa jumla, hamia ghorofa ya pili. Volti ndiyo urefu wa ghorofa, na inafanya zaidi ya hapo: ukiishusha nusu, mtungi wenyewe nao unapungua nusu, kwa kuwa kapasita ya volti ndogo hubeba chaji ndogo. Nusu ya mzigo kwa nusu ya kimo ni robo ya kazi. Hapo ndipo V inapojizidisha yenyewe.

Karatasi ya data ya chipu yako inaonyesha jambo hili waziwazi. Ulaji wa kawaida ikiwa macho ni 5.2 mA kwa 8 MHz na volti 5, 1.7 mA kwa 4 MHz na volti 3, na 0.3 mA kwa 1 MHz na volti 2. Zidisha mA kwa volti upate miliwati, kisha gawanya kwa MHz. Jibu ni nanojouli za mpigo mmoja: 3.25, kisha karibu 1.28, kisha 0.6. Sasa gawanya kila moja kwa mraba wa volti yake. Utapata 0.13, 0.14 na 0.15. Saa imebadilika mara nane, lakini namba hizo zimekaa karibu palepale. Bei ya mpigo inapangwa na volti.

Tuje kwako. Tuseme kupima na kukokotoa kunachukua mipigo 400,000, na sensa yako inakula 5 mA muda wote chipu ikiwa macho. Nachukua volti 5 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa 8 MHz kazi inaisha kwa milisekunde 50: chipu imekula milijouli 1.3, sensa 1.25. Kwa 1 MHz na volti ileile, chipu bado inakula kama 1.3, lakini imekaa macho milisekunde 400, na sensa imekula 10. Jumla imetoka 2.55 hadi 11.3. Betri zako ziliishia kwenye sensa, iliyokuwa inasubiri chipu imalize hesabu.

Kwa hiyo anza na sensa. Iwashe, isome, izime, ndipo chipu ikokotoe. Yangu ilihitaji milisekunde 20 tu.

Halafu saa. Kuipunguza kuna faida kubwa, ila faida hiyo inapitia kwenye volti. Volti ikishuka, transista hupitisha mkondo mdogo, kapasita huchelewa kujaa, na saa ikikimbia mpigo unaofuata hukuta jibu la uliopita bado halijatulia. Ndiyo sababu ATmega328P inaruhusiwa 20 MHz kuanzia volti 4.5, 10 MHz kuanzia 2.7, na 4 MHz kuanzia 1.8. Ukikubali 4 MHz, umepata ruhusa ya kutumia betri mbili badala ya nne.

Betri mbili za kuchaji ni kama volti 2.4. Mpigo unashuka hadi karibu nanojouli 0.75, na kazi nzima ya chipu ni milijouli 0.3. Sensa kwa milisekunde 20 ni 0.24 nyingine. Ni kweli una nusu ya nishati uliyokuwa nayo kwenye betri nne, lakini kila kupima sasa ni 0.54 badala ya 2.55. Hizo betri mbili zitakaa zaidi ya mara mbili ya zile nne za mwanzo, na mbili nyingine zinabaki kwenye chaja zikisubiri zamu. Hakikisha tu sensa yenyewe inakubali volti hiyo.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza kifaa hakikuwaka kabisa. Nikalaumu soketi ya betri, nikaenda Luthuli kununua nyingine, ikawa vilevile. Kumbe chipu zilizowekewa butiloda ya Arduino kwa kawaida zina ulinzi wa volti ndogo, BOD, uliopangwa 2.7. Chini ya hapo chipu inashikiliwa kwenye riseti. Dalili ni rahisi: kwa volti 3 inaamka, kwa 2.4 iko kimya. Fyuzi za ndani hubadilishwa hivi kwa programa ya USBasp:

```
avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U lfuse:w:0x62:m -U efuse:w:0xFE:m
```

0xFE inashusha BOD hadi 1.8. 0x62 inafanya chipu iamke kwa 1 MHz ya ndani, ili isianze na mbio ambazo volti haiziwezi. Kisha mwanzoni mwa programu unaipandisha hadi 4 MHz:

```
#include <avr/power.h>
clock_prescale_set(clock_div_2);
```

Kompaili na F_CPU ya 4000000UL, la sivyo kila delay na kasi ya seriali vitapotoka.

Onyo la mwisho: usibaki na betri nne halafu uweke regyuleta ya kawaida ya kushusha volti. Aina hiyo inachoma tofauti kuwa joto. Mkondo unaotoka kwenye betri ni uleule wa chipu, kwa hiyo ukishusha volti nusu unaokoa nusu tu, ile robo huioni. Mimi niliunga betri mbili moja kwa moja.

Ukitaka kuhakikisha mezani, usipime kifaa kinacholala na kuamka, maana multimita haiwezi kufuata milisekunde. Andika programu inayozunguka bila kulala, ondoa sensa, soma mA kwa kila volti na kila saa, kisha piga ile hesabu ya miliwati kwa MHz. Ukishusha saa tu na nanojouli zikapanda waziwazi, kuna kitu kingine kwenye ubao kinachokula muda wote. Kwangu kilikuwa kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha umeme upo. Nilikitoa kwa koleo.