Kutoka nje ya kikao hakuondoi mgongano wa maslahi

Swali: Naongoza kitengo cha manunuzi. Kampuni inayotuuzia vifungashio imenialika kwenye bodi yake. Mwenyekiti anasema nitangaze maslahi tu, kisha nitoke nje mambo yetu yakijadiliwa. Nikishindwa, niingie jopo lao la ushauri. Anasema vikao ni vinne tu kwa mwaka, ila mimi muda sina. Nikatae vipi bila kuvunja uhusiano?

Jibu: Kataa vyote viwili, na ukatae kabla hujapokea kabrasha lao hata moja.

Hiyo habari ya "tangaza halafu utoke" imeshawaponza wengi, na bado kuna wanaoifundisha kwenye semina za siku moja kana kwamba fomu iliyosainiwa inafuta mgongano. Kutangaza maslahi kunafaa kwa jambo la mara moja. Mjumbe ana kiwanja ambacho kampuni inataka kukinunua: anasema, anatoka, wenzake wanaamua, inaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, yamekwisha. Mgongano wako haupiti hivyo, kwa sababu umo ndani ya biashara yenyewe.

Tuseme kampuni yako inanunua theluthi moja ya mauzo yao. Bajeti yao inakuhusu. Bei inakuhusu, ukomo wa mikopo kwa wateja unakuhusu, hata mashine mpya wanayotaka kuifunga, maana itafungwa kwa ajili ya oda zenu. Ukitoka kila mara, kiti kinabaki kitupu na akidi inayumba. Na kabla ya kutoka umeshasoma. Kabrasha hutumwa siku kadhaa kabla ya kikao, na ndani yake mna gharama ya kutengeneza boksi moja. Jumatatu mmekaa mezani kujadili mkataba, meneja mauzo wao anakwambia bei haishuki tena, nawe unajua wanabakiwa na faida ya asilimia 30. Ukiitumia taarifa hiyo, umewasaliti waliokupa kiti. Ukinyamaza, umemsaliti mwajiri wako. Hakuna mlango wa kutokea unaokusahaulisha ulichosoma.

Kuhusu muda, "vikao vinne" ni hesabu ya siku za kukaa mezani tu. Kabrasha la kurasa 200, kwa dakika 2 kila ukurasa, ni karibu saa 7. Kwa hiyo kila kikao ni siku mbili, yaani siku 8 kwa mwaka. Ukipangwa kamati ya ukaguzi ongeza kama 6, halafu mkutano mkuu, kikao cha mkakati na vya dharura. Siku 20 zinafika bila kampuni kupata tatizo lolote. Wala usidhani asiyesoma anasamehewa: mwaka 2011 Mahakama ya Shirikisho ya Australia, kwenye kesi ya kampuni ya Centro, iliamua kwamba wakurugenzi wake, wakiwemo wasio watendaji, walikiuka wajibu wao kwa kuidhinisha hesabu zilizoonyesha madeni makubwa ya muda mfupi kuwa ya muda mrefu. Wingi wa makaratasi haukuwaokoa.

Hata hivyo, kwenye barua yako muda usitangulie. Ukiandika muda peke yake, mwenyekiti atapunguza vikao au atakwambia ushiriki kwa simu, na utakuwa umebaki huna sababu. Andika hivi:

"Nashukuru kwa mwaliko. Sitaweza kuupokea, kwa nafasi ya bodi wala ya jopo la ushauri, kwa sababu kazi yangu ya sasa inahusu moja kwa moja ununuzi kutoka kwenu, na kutoka nje ya kikao hakutaondoa mgongano huo. Pia sina muda ambao nafasi hiyo inastahili. Naomba jina langu lisitajwe kwenye nyaraka zenu."

Usiweke "kwa sasa", maana watarudi mwezi ujao. Usieleze mikataba ya mwajiri wako wala usiahidi "kusaidia pembeni". Nakala ya barua mpe bosi wako siku hiyohiyo, pamoja na mwaliko wenyewe, ili zabuni ijayo wakishinda kihalali pasiwe na wa kukunyooshea kidole.

Sasa hilo jopo. Watu hulikubali kwa kuwa halipigi kura, wakaona liko salama. Lakini taarifa utakazopewa ni zilezile, posho ni ileile, na pengine kuna hisa juu yake. Na ikiwa bodi imezoea kufuata maelekezo yako, sheria katika nchi kadhaa inaweza kukuhesabu mkurugenzi hata kama hukuteuliwa. Kwa mwaliko wowote wa namna hii, kabla ya kuuliza kama kuna kura, ulizeni mtapewa taarifa gani na nani mwingine angeilipia. Mkiona anayeweza kuilipia ni mwajiri wenu au mshindani wake, basi barua ni hiyohiyo.