Nadharia ya masta ikigoma: chora mti kwanza, halafu thibitisha

Wanafunzi ninaowasaidia somo la algoridhimu hukwama sana kwenye mlinganyo huu wa kujirejea:

```
T(n) = T(n/3) + T(2n/3) + n
```

Unaupata, kwa mfano, pale kwiksoti inapogawa orodha theluthi moja huku na theluthi mbili kule, kila mara. Nadharia ya masta inataka umbo aT(n/b) + f(n), maana yake vipande vyote viwe na ukubwa mmoja. Hapa haviko sawa. Wapo wanaolazimisha kwa kuchukua a = 2 na b = 3/2, kana kwamba vipande vyote viwili ni vile vikubwa. Wanapata O(n^1.71) hivi. Si uongo, kwa kuwa ni kikomo cha juu, ila kimepita mbali mno na ukweli.

Ushauri wangu ni kuchora mti, na kuandika gharama ya kila ngazi pembeni. Shinani kuna n. Ngazi inayofuata ina n/3 na 2n/3, jumla n. Inayofuata ina n/9, 2n/9, 2n/9 na 4n/9, na jumla ni n tena. Ukishaona hivyo usiendelee kuchora. Jiulize mti unaishia wapi. Tawi fupi ni lile linalogawa kwa 3 kila mara, nalo hufika 1 baada ya ngazi log₃ n. Tawi refu hupunguza hadi theluthi mbili tu, hivyo huchukua ngazi log₁.₅ n.

Katikati ya vimo hivyo viwili mti una mapengo, kwa sababu baadhi ya matawi yameshafika mwisho. Huko jumla ya ngazi haizidi n, lakini huwezi kusema ni n kamili. Kwa hiyo gharama haipungui n·log₃ n wala haizidi n·log₁.₅ n, ukiacha majani, ambayo yote pamoja hayagharimu zaidi ya kiasi cha n. Logi za vizio tofauti hutofautiana kwa kuzidishwa na namba thabiti tu, basi dhana yetu ni Θ(n log n).

Mti ukichorwa kwa haraka hudanganya, hasa kwenye hayo mapengo, kwa hiyo dhana ya juu tuithibitishe kwa kuipachika ndani ya mlinganyo. Chukulia T(k) ≤ c·k·lg k kwa kila k iliyo ndogo kuliko n, lg ikiwa logi ya kizio 2:

```
T(n) ≤ c(n/3)lg(n/3) + c(2n/3)lg(2n/3) + n
     = c·n·lg n − c·n(lg 3 − 2/3) + n
```

Mabano hayo ni karibu 0.918. Tukichagua c isiyopungua 1.09, kinachotolewa kinaimeza ile n ya mwisho, na kinachobaki hakizidi c·n·lg n. Hapo ndipo tulipotaka kufika.

Sasa jaribu dhana ya T(n) ≤ cn. Utapata cn/3 + 2cn/3 + n, yaani cn + n. Hapa ndipo naona kalamu ikiandika «ambayo ni O(n)» na kufunga hesabu. Haikubaliki. Tulichoahidi ni cn kwa c ileile, na (c + 1)n si hiyo. Ukiruhusu c iongezeke kwa moja katika kila ngazi, mwishoni itakuwa imekua kiasi cha log n, na ndiyo logi uliyoitupa.

Lakini kushindwa kwa namna hiyo hakumaanishi kila mara kwamba dhana ni mbovu. Tazama ziada ina ukubwa gani. Mlinganyo ukiwa T(n/3) + T(2n/3) + 1, dhana cn inakuacha na cn + 1. Ziada ni 1 tu, ndogo mno mbele ya n, na dhana ni sahihi. Kinachohitajika ni kudai zaidi kidogo: T(n) ≤ cn − d. Ukipachika unapata cn − 2d + 1, ambayo haizidi cn − d mradi d isipungue 1. Ziada ikiwa na ukubwa wa dhana yenyewe, kama ile n, rudi kwenye mti.

Linganisha na algoridhimu ya kutafuta thamani ya katikati, iliyotolewa na Blum, Floyd, Pratt, Rivest na Tarjan mwaka 1973, inayogawa data katika makundi ya watano watano. Mlinganyo wake, kwa kurahisisha, ni T(n/5) + T(7n/10) + n. Sehemu zinajumlika 0.9, hivyo ngazi za mti hupungua: n, 0.9n, 0.81n, na jumla yake haifiki 10n. Pachika cn, utapata 0.9cn + n, na c = 10 inatosha.

Bado kuna mwanzo wa uthibitisho, ambao wengi huuruka. Kwa dhana ya c·n·lg n usianzie n = 1, kwa kuwa lg 1 ni sifuri na T(1) si sifuri. Anzia 2. Kwa n kuanzia 6, n/3 haishuki chini ya 2, kwa hiyo thamani zilizo kati ya 2 na 6 ndizo msingi. Ongeza c mpaka izifunike zote. Hatua iliyotangulia ilidai tu isipungue 1.09.