Kilo 60 kuwa 23

"Mtu wa kilo 60 akipanda mzani kule Mirihi unasoma kilo 23. Hizo 37 zimeenda wapi?"

Hazijaenda popote, mkuu. Mzani wa springi hupima jinsi unavyokandamizwa, yaani uzito, kisha hukuandikia kilo kwa kudhani uko Duniani, ambako kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi. Mirihi huvuta kwa 3.7 tu. Tungamo ni kiasi cha maada uliyobeba mwilini, na hiyo umefika nayo yote (labda kama ulikonda njiani). Pima kwa mizani ya mawe, ile ya sahani mbili: utapata 60, kwa sababu mawe nayo yamepungua uzito kwa kiwango kilekile. Na ukimgonga mtu kwa kasi ileile, kishindo ni cha kilo 60, si 23.