Kuwaeleza wafanyakazi wapya kitabu cha kanuni: likizo, ovataimu na nidhamu

"Kampuni yetu hapa Nairobi ni ya wageni, na kitabu cha kanuni ni Kiingereza kitupu. Nimeambiwa niwaeleze wapya kwa Kiswahili. Nianzie wapi?"

Anzia nidhamu, maana hapo ndipo watu hupoteza kazi kwa kutoelewa neno moja. Kiwandani kwetu, barabara ya Enterprise, tuliwahi kupewa tafsiri iliyoita barua ya kujieleza "barua ya kuonyesha sababu", na kufutwa papo hapo "kufutwa kwa muhtasari". Kijana wa kupakia mizigo alipewa barua hiyo kwa kuchelewa mara tatu. Akadhani ameshafutwa, akaiweka mfukoni, hakuijibu. Nilikuja kujua siku ya kikao, na iliniuma sana.

Tangu hapo nawaambia wapya hivi: barua ile ni swali, hukumu bado. Ijibu kwa maandishi kabla ya siku iliyotajwa. Kutia sahihi kwamba umeipokea si kukiri kosa. Andika "nimepokea" na tarehe kando ya sahihi yako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayefikiria kukufuta kwa utovu wa nidhamu akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, kisha awasikilize nyote wawili. Hata kosa la kufutwa papo hapo, kama wizi au kuja kazini umelewa, halimwondolei mwajiri wajibu wa kukusikiliza kwanza. Basi waambie wazi: kikao kikiendeshwa kwa Kiingereza usichokielewa, omba Kiswahili palepale na ombi liandikwe kwenye kumbukumbu.

Ovataimu ieleze kwa hesabu ubaoni. Chini ya agizo la jumla la mishahara, kiwango cha saa hakipungui mshahara wa msingi wa mwezi ukigawanywa kwa 225. Mwenye 27,000 anapata 120 kwa saa. Siku ya kawaida saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 180. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili, 240. Akizidisha saa nne Jumanne na saa sita Jumapili yake ya mapumziko, ni 720 na 1,440, jumla 2,160. Mwambie kila mmoja aandike saa zake kwenye daftari lake, na msimamizi azitie sahihi siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka.

Likizo haina mengi: siku 21 za kazi, zenye malipo kamili, baada ya miezi 12. Kaza neno "za kazi". Anayefanya Jumatatu hadi Jumamosi ana wiki tatu na nusu, kwa sababu Jumapili zake hazihesabiwi. Karani wetu alizihesabu, na watu walirudi kazini siku tatu kabla ya wakati wao mpaka mama mmoja wa usafi alipokuja na kalenda mkononi.