Michirizi ya fedha kwenye majani ya mchungwa: weka mkasi na sumu pembeni kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Handeni alinitumia picha ya mche wake wa mchungwa, na maneno machache chini yake: "Dada, nimeambiwa ni virusi, ning'oe yote?" Nikaikuza picha. Majani machanga ya juu yamekunjika kama sambusa, na juu yake kuna michirizi inayong'aa, inapinda huku na huko. Nikamjibu usiku uleule kwamba hiyo ni kazi ya mdudu, asing'oe hata mche mmoja, kisha nikakaa nikawaza ni watu wangapi waliokwisha kung'oa kwa kuambiwa maneno hayohayo.

Hili linanigusa. Nina kitalu cha miche ya machungwa hapa Muheza, na kuna mwaka mteja alinirudishia mzigo mzima wa miche iliyobebeshwa vizuri kabisa, akaniambia mbele za watu kwamba nauza magonjwa. Alikuwa ameona michirizi hiyo. Nilimweleza ni nini, nikamfungulia jani aone mwenyewe, hakutaka kutazama. Miche ile niliipanda kwenye shamba langu mwenyewe, na leo ndiyo inayozaa vizuri kuliko yote niliyo nayo. Bado nikimwona sokoni roho inaniuma, siwezi kusema uongo. Basi na tuliseme hili jambo lote, maana ukimjua mdudu huyu, mtu hatakuyumbisha tena.

Anaitwa kidomozi wa majani. Si huyu kanitangaze anayetesa nyanya; ni mwingine kabisa, na yeye kazi yake ni jamii ya michungwa tu: machungwa, ndimu, malimau, machenza. Mzazi wake ni nondo mdogo mno, mabawa yakiwa yamekunjuliwa hayafiki nusu sentimita, mweupe wa kung'aa, mwenye nukta nyeusi kwenye ncha ya kila bawa. Huwezi kumwona mchana hata ukimtafuta. Huruka jioni na usiku, na hapo ndipo hutaga mayai, yai mojamoja, kwenye majani ambayo bado ni madogo na laini.

Shika hilo neno "laini", maana ndilo litakalokuokoa. Jani lililokwisha komaa, lenye kijani kibichi na ngozi ngumu, halimfai. Anataka chipukizi. Yai likianguliwa, kiwavi huingia moja kwa moja chini ya ngozi ya jani na kuanza kula akitembea, katikati ya ngozi na nyama. Ngozi ikibaki peke yake na hewa chini yake, ndipo unapoona ule mng'ao wa fedha. Ule mstari mweusi mwembamba katikati ya mchirizi ni kinyesi chake. Maisha yake yote ya ukiwavi anayamaliza kwenye jani hilohilo moja. Hawezi kutoka akahamia jani la jirani. Akishiba, husogea ukingoni, akauvuta ukingo wa jani kwa nyuzi zake ukakunjika, akajifungia humo ageuke kuwa pupa. Palepale kwenye mkunjo ndipo nondo mpya anapotokea. Joto likiwa zuri, toka yai hadi nondo ni kama wiki mbili hadi tatu. Kukiwa na baridi, kama kule Lushoto, huchukua muda mrefu zaidi.

Chukua jani moja lililokunjika ukae nalo kivulini. Fungua ukingo taratibu kwa ukucha. Ukikuta kidudu cha rangi ya njano yenye ukahawia, kimelala ndani ya utando mwembamba mwishoni mwa mchirizi, huyo ndiye. Ukikuta ganda tupu, ameshaondoka, na hakuna dawa itakayomfuata. Ukikuta kitu kidogo cheusi na punje nyeusi pembeni yake, furahi: huyo ni nyigu mdogo aliyemla kiwavi wako. Na kama jani limekunjika lakini halina mchirizi wowote, lina utomvu unaonata na vidudu vimejazana chini yake, hao ni vidukari, na hiyo ni hadithi nyingine. Virusi havichori barabara ndani ya jani. Fanyeni hivi kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

Jambo linalofuata wengi hawapendi kulisikia: mti mkubwa, ule uliopita miaka minne na una majani mengi, hauhitaji dawa kwa ajili ya kidomozi. Unatisha kuutazama, lakini majani yaliyokomaa ndiyo yanayoulisha, na hayo hayakuguswa. Matunda ni nadra kuguswa na mdudu huyu. Fedha yako ya dawa iweke kwenye samadi. Shida ya kweli iko kitaluni na kwenye miche ya miaka mitatu minne ya mwanzo, kwa sababu mche mdogo hauna akiba. Majani machanga yakiharibika yote, unadumaa.

Jirani yangu hakuamini. Alienda duka la pembejeo, akauzwa sumu kali ya kuua wadudu wa kila aina, akapiga miti yake mikubwa. Kiwavi yuko chini ya ngozi ya jani, sumu ya kugusa haimfikii; waliokufa ni wale nyigu wanaotembea juu ya majani wakimtafuta. Machipukizi yaliyofuata yalikuja mabaya kuliko ya kwanza, na matawi yakajaa wadudu magamba. Muuzaji akamwambia aongeze dozi! Hapo ndipo ninapokasirika. Mkulima anatoa hela ya ada ya mtoto, anauziwa kitu kinachomuua msaidizi wake. Nyigu hao si jambo dogo. Kidomozi alipoingia Florida, Marekani, mwaka 1993, mwaka uliofuata tu walipelekewa nyigu wenye asili ya bara la Asia, alikotoka mdudu mwenyewe, na nyigu wakasambaa kwenye mashamba yao. Wewe wako wanakuja bure, unawaua kwa bomba.

Basi kwa miche michanga tunafanyaje? Tunaliwahi chipukizi. Huku kwetu mchungwa huchipua kwa nguvu mvua za masika zikianza kushika, na tena wakati wa vuli. Kitaluni, kwa kuwa tunamwagilia, machipukizi huja mfululizo, kwa hiyo lazima upite kila siku chache ukitazama ncha. Majani mapya yakiwa bado madogo, yamefika kama sentimita moja, ndiyo siku ya kuanza. Ukisubiri uone michirizi, umeshachelewa kwa chipukizi hilo.

Mimi natumia mafuta ya madini ya kupulizia mimea, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo, si mafuta ya injini wala ya kupikia. Mafuta hayo hayamuui nondo. Yanamfanya asipende kutaga kwenye jani lililopakwa. Kipimo changu ni mililita 5 kwa lita moja ya maji, yaani kwenye bomba la mgongoni la lita 16 unaweka mililita 80. Weka nusu ya maji kwanza, mimina mafuta, tikisa, jaza, na uendelee kutikisa ukiwa kazini, kwa sababu mafuta hupanda juu. Piga machipukizi tu, juu na chini ya jani, hadi yaloe yakaribie kuchuruzika. Huna haja ya kuogesha mti mzima. Kisha rudia baada ya wiki moja hivi, kwa sababu majani mapya yaliyotoka katikati hapo hayana mafuta, na mvua kubwa huyaosha yale ya kwanza. Unaendelea hivyo hadi chipukizi likomae na majani yawe magumu. Kwa kawaida ni mara tatu. Hapo unapumzika hadi chipukizi jingine. Mafuta ya mwarobaini yaliyotengenezwa vizuri nayo hufanya kazi, ila fuata kipimo cha chupa, kwani hayafanani.

Piga asubuhi mapema au jioni. Jua likiwa kali, au mche ukiwa na kiu umelegea, mafuta huunguza majani. Na kama umepiga salfa karibuni, ngoja wiki kadhaa kabla ya kuleta mafuta, maana viwili hivyo vikikutana vinaunguza.

Kuna anayeniuliza kila mara kuhusu sumu ya wadudu iitwayo imidaklopridi, ya kumwagia kwenye shina. Inafanya kazi, kwa sababu hupanda na maji hadi ndani ya jani na kumkuta kiwavi alipo. Lakini inahitaji muda kupanda, hivyo huwekwa kabla machipukizi hayajajaa, na mimi naikubali kwa miche ya kitaluni na ile michanga isiyotoa maua tu, kwa kipimo cha lebo. Mti unaochanua usiuguse na dawa hiyo. Inaingia hadi kwenye maua, na nyuki wanaokusaidia kupata machungwa ndio watakaoinywa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki hao. Abamektini nayo hupenya ndani ya jani na huua viwavi wadogo, hasa ikichanganywa na mafuta. Iweke kwa ajili ya siku ambayo kitalu kizima kimevamiwa, na usiirudie kila chipukizi, wadudu watazoea.

Sasa mkasi. Naona watu wanakata kila jani lenye michirizi, wakidhani wanasafisha. Jani lililochorwa nusu bado linalisha mche kwa nusu iliyobaki. Tena ukikata, mche unajibu kwa kuchipua upya, nje ya msimu, na umemtandikia nondo meza. Kinachostahili mkasi ni maotea, yale machipukizi marefu yanayokua kwa kasi chini ya mahali ulipobebesha au katikati ya mti. Hayo yanachipua mfululizo na ndiyo yanayomfuga kidomozi wakati miti mingine imetulia. Hata urea ni hivyohivyo. Ukiimwaga nyingi wakati wadudu wamechachamaa, unaita majani laini ambayo hutaweza kuyalinda yote. Gawanya mbolea kidogokidogo, na nyingi yake iende pamoja na chipukizi la masika utakalolisimamia.

Ndugu yangu wa Handeni, miche yako kwa picha ni ya mwaka mmoja hivi. Majani yaliyokunjika yaache, kata yale maotea mawili niliyoyaona chini ya kovu la kubebesha, nunua mafuta sasa uyaweke ndani. Chipukizi lako hili limeshapita. Linalofuata ukiliona limefika sentimita moja, jaza bomba jioni hiyohiyo. Na huyo aliyekuambia ni virusi, mpelekee jani lenye mchirizi, alifungue ukingo kwa ukucha wake mwenyewe.