Hiyo "tu" katika "ni utani tu"

*Mwalimu, mimi na rafiki yangu tumeitana "mshenzi wangu" na "mbwa wangu" tangu tukiwa shule. Mke wangu anasema hayo ni matusi, mimi namwambia ni utani tu. Nani yuko sahihi? Na je, tunasema "mbwa wangu" au "mbwa yangu"? Msomaji, Isevya, Tabora.*

Nianze na sarufi, maana hiyo haina ugomvi mkubwa. "Mshenzi" liko katika ngeli ya M-WA, kwa hiyo ni "mshenzi wangu" bila shaka yoyote. "Mbwa" ni mnyama, na Kiswahili sanifu humpatanisha mnyama kama kiumbe hai: "mbwa wangu". Lakini angalia tunavyowafanyia watu wa karibu. Tunasema "ndugu yangu", "rafiki yangu", "jirani yangu", "shemeji yangu". Majina hayo ya uhusiano yana upatanisho wao, na kila Mswahili anaufuata bila kufundishwa. Hata "adui yangu" limo. Kwa hiyo unapomwita mwenzako "mbwa wangu", sarufi inamtoa kwenye safu ya ndugu na jirani na kumweka zizini. Adui yako amebaki na "yangu", rafiki yako ameikosa.

"Mshenzi" nalo lina historia inayowahusu ninyi wa Tabora moja kwa moja. Watu wa pwani walilitumia kwa mtu wa bara, asiye na ustaarabu kwa macho yao. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka kwenu hadi Bagamoyo waliitwa hivyo na watu waliokula jasho lao. Leo mjukuu wa mpagazi anamwita hivyo mjukuu wa mpagazi mwenzake chini ya mwembe, akimaanisha mapenzi. Silikatazi. Neno hubadilika likipita midomoni. Ila mkeo anaposikia tusi, hajakosea kusikia, kwa sababu tusi bado limo ndani yake.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nichukue barua yako na kuacha nyingine zote. Ni hiyo "tu".

Nimeisikia kwa miaka mingi na kila mara inanichoma. "Ni utani tu." Kazi ya "tu" ni kupunguza: maji tu, mia tano tu, mtoto tu. Ukiiweka baada ya "utani" unasema utani ni kitu kidogo kisichodai chochote. Hakuna mzee wa Unyamwezi ambaye angelitamka hilo. Vitu vidogo vina majina yao, na mengi tuliyachukua kwenye Kiarabu: mzaha, masihara, dhihaka. Hayo ni maneno ya kuchekesha au kucheka mtu, yanaanza na kuisha mdomoni. Utani ni neno letu la Kibantu, na linataja uhusiano. Una mtani kama ulivyo na shemeji. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na wengi huueleza utani huo kwa safari zilezile za wapagazi waliopita Uzaramo wakilala, wakila, wakiugua na wengine wakizikwa hukohuko. Babu na mjukuu ni watani. Binamu ni watani. Mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Haki hiyo ina bei, na hapa ndipo "tu" inapovunjika. Nenda msibani uone. Mtani anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake wa kuchechemea, anamsema uchoyo wake mbele ya mjane. Anaingia kaburini, analala chali, anasema hatoki mpaka alipwe. Waliokuwa wakilia wanacheka huku machozi hayajakauka. Lakini mtani huyohuyo ameshika jembe tangu alfajiri. Wafiwa wamekaa, yeye anachota maji, anapasua kuni, anachinja. Matusi yake yanabebwa na kazi yake, na kila aliyepo anaiona kazi hiyo. Ndiyo maana hakuna anayeuliza kama alimpenda marehemu.

Nyinyi wawili, msomaji wangu, mmechukua matusi ya mtani mkaacha jembe lake. Kitenzi chake ni "taniana", na hiyo "-ana" inadai watu wawili wanaojua kwamba ni utani, kila siku, hata siku ambayo mmoja wao hana nguvu za kucheka. Mkiwa wazima wote wawili, mambo yanakwenda. Mmoja akiugua au akifilisika, lugha yenu haina mlango wa kutokea. Atasema vipi kwamba leo hatanii? "Kweli", "wallahi", "sikutanii" mmekwisha kuyafanya sehemu ya utani. Mmechoma madaraja yenyewe ambayo lugha iliyajenga kwa siku kama hiyo.

Nalijua hili kwa gharama. Nilikuwa na rafiki aliyetengeneza baiskeli pale Gongoni. Miaka ishirini na miwili nilipita kwake nikienda sokoni. Salamu yangu ilikuwa moja: "Mbwa wewe, bado hujafa?" Jibu lake: "Nakungoja wewe utangulie, mshenzi." Kisha ananisogezea ndoo ya kukalia, ile yenye ufa, na anaendelea kunyoosha spoki. Nilipofiwa na mama yangu alifunga banda siku tatu. Aliporudi kufungua aliniambia nimemtia hasara, nimlipe. Sikumwambia asante. Nilimwita mwizi, tukacheka.

Alikuwa na sukari, akapata kidonda mguuni. Usiku mmoja, saa nane, aliniletea meseji: "Mshenzi wewe, huu mguu haulali. Njoo unizike." Niliiona asubuhi. Nikajibu: "Ukifa baiskeli nyekundu ni yangu." Kesho yake akaandika: "Chukua. Mguu umekuwa mweusi." Nikamwandikia kwamba alizaliwa mweusi. Hakujibu. Nilichukulia kwamba nimemshinda utani.

Nimezisoma meseji hizo mara nyingi tangu hapo, kama mtu wa lugha, na aibu yangu ni kwamba kila kitu kilikuwa wazi. Matani ya kawaida hayabebi habari. "Bado hujafa?" haina habari ndani yake. "Huu mguu haulali" ni habari, imefungwa kwenye tusi kama dawa kwenye karatasi ya gazeti. Tena imeandikwa saa nane usiku, saa ambayo hakuwahi kuniandikia. Ya pili haina tusi hata moja. Mtu wa matusi anapoacha kutukana, ameshavua nguo ya utani, anasimama mbele yako akiwa uchi. Na aliporudia jambo lilelile mara ya pili, mguu na mguu, alikuwa anagonga mlango. Mwenye kutania habaki kwenye jambo moja, huruka kutoka tusi hadi tusi.

Alifariki wiki tatu baadaye. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi mbali, alifungua simu ya baba yake akitafuta namba za kuwapa watu taarifa. Akakuta meseji zangu. Kwenye kioo cha simu hakuna sauti, na Kiswahili huweka mapenzi ya namna ile kwenye kiimbo: ile "wewe" inayovutwa mwishoni, kicheko kinachoanza kabla tusi halijaisha. Maandishi hayavuti "wewe". Kijana alisoma kwamba kuna mtu aliyemwita baba yake mbwa kwa miaka, aliyemwambia mgonjwa akifa atachukua baiskeli. Nilipofika msibani hakunipa mkono.

Sikumlaumu. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimwomba tukae, nikamweleza meseji moja baada ya nyingine, hii ilimaanisha hivi na hii hivi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na yeye baba alijua, mzee?"

Nikamjibu kwamba alijua. Nadhani alijua. Hiyo "nadhani" ndiyo ninayoishi nayo, na ingeondolewa na sentensi moja.

Kwa hiyo uniulizapo nani yuko sahihi kati yako na mkeo, nakuambia: mna nusu ya utani, na nusu yenyewe ni ile inayosikika kama matusi. Sikuambii muache kuitana mshenzi. Nakuambia mpate sentensi ya pili, ya pembeni, ambayo haitaniwi kamwe.

Wanaume wengi huniambia Kiswahili hakiwapi sentensi hiyo, eti "nakupenda" ni ya mke na mume. Si kweli, na linanikera karibu sawa na ile "tu". "Penda" halijawahi kuwa la chumbani peke yake. Tunapenda wazazi, wajomba, timu, pilau. Tena wengi wenu hapo Tabora ni Waislamu na mnalo fundisho lililo wazi, liko katika Abu Daud: mtu akimpenda ndugu yake, amwambie kwamba anampenda. Masheikh husema "nakupenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu", mwanamume kwa mwanamume, msikitini, na hakuna anayegeuza shingo. Asiyetaka hilo ana "nakuombea", ana "nakushukuru kwa siku ile", ana "kukosa kukuona kunanisumbua". Niepushieni "nakujali" peke yake. "Jali" ni kutilia maanani, kuheshimu, na mtu humjali hata askari wa barabarani. Pamoja na hayo, kama ndilo pekee linalokutoka, lisemeni.

Taja jina lake halisi, lile aliloitwa na mama yake. Taja jambo moja alilokufanyia na mwaka wake. Usiitume saa ya utani, jioni mkiwa na wengine, kwa sababu atalazimika kuijibu kwa tusi ili asiaibike mbele yao. Itume asubuhi. Na ukifika mwisho, mkono utataka kuongeza "mbwa wewe". Uzuie.