Diposi na kutu ya Malindi

"Nimepata nyumba Malindi, kodi 15,000, diposi ya mwezi mmoja. Mkataba wasema matengenezo yote ni ya mpangaji. Nitie sahihi?"

Usitie bado, ndugu yangu. Hilo neno "yote" ndilo hula diposi. Upepo wa chumvi huozesha bawaba na grili hata usipozigusa. Mimi nilikatwa 6,000 kwa kutu niliyoikuta. Mwombe mwenye nyumba aandike: paa, mabomba na kutu ni juu yake, balbu na kioo ulichovunja ni juu yako. Siku ya kupewa funguo, pigeni picha pamoja, hasa madirisha ya upande wa bahari.

Kodi isipande kabla ya mwaka. Ukihama mapema, notisi ya mwezi mmoja itoshe na diposi irudi. Akikataa kuyaandika, mwone wakili kabla hujalipa.